Mwezi wa bure ulipoisha: kisa cha studio ya picha ya Lubumbashi na giga 46 zilizobaki OneDrive

Studio iko komini ya Kenya, Lubumbashi. Ni ya picha za harusi na ubatizo, ina watu wawili: mama mwenye studio na kijana msaidizi wake. Tarehe 2 Juni walifungua majaribio ya bure ya mwezi mmoja ya Microsoft 365, aina ya Family, kwa kutumia kadi ya benki ya mama. Wiki ya kwanza tu mama aliingia kwenye akaunti yake, sehemu ya «Services et abonnements», akazima «Facturation périodique» ili kadi isikatwe mwezi ukiisha. Hapo alifanya vizuri kabisa. Kuzima malipo hakufuti majaribio. Mwezi unaendelea hadi siku yake ya mwisho.

Mwezi ukaisha tarehe 2 Julai. Siku zilizofuata mambo manne yalijitokeza karibu kwa pamoja. Word kwenye kompyuta ilifungua barua za bei lakini ikakataa kuandika hata herufi moja, na juu ya dirisha yakaonekana maneno «Produit sans licence». OneDrive ikatoa alama ya onyo na kusema nafasi imejaa. Mama alipojaribu kurekebisha orodha ya malipo katika Excel ya kwenye kivinjari, ambayo ni ya bure kwa kila mtu, nayo ikakataa. Halafu bibi harusi mmoja akapiga simu: barua pepe aliyotuma kwenye anwani ya studio, inayoishia na outlook.com, imerudi.

«Yaya, nifute picha za mwaka jana nafasi ipatikane?» kijana aliuliza, simu mkononi.

«Usiguse kitu kwanza,» mama akajibu.

Jibu hilo la mama liliokoa kazi ya mwaka mzima, na tutaeleza kwa nini. Lakini kwanza tuone walichopewa katika ule mwezi, maana kosa lilianzia pale.

Swali ambalo watu huuliza kabla ya kuweka kadi ni kama majaribio yanatoa kila kitu anachopata mtu anayelipa. Kwa Microsoft 365 ya mtu binafsi au familia, ndiyo. Hakuna toleo dogo lililotengenezwa kwa ajili ya majaribio. Ni abonema ileile, ila mwezi wa kwanza haulipiwi. Word, Excel na PowerPoint za kompyuta zinafanya kazi zote, hazigongi muhuri kwenye karatasi wala hazina ukomo wa kurasa. Nafasi ya OneDrive inapanda kutoka giga 5 za bure hadi terabaiti 1 kwa kila mtu, yaani karibu giga 1000.

Mipaka iliyopo ni ya abonema yenyewe, na mwenye kulipa naye anaikuta. Mmoja ni kwamba terabaiti ni ya mtu, haiunganishwi. Family inaruhusu watu hadi 6, lakini kila mmoja ana terabaiti yake katika akaunti yake, na mwenye nyingi hawezi kumgawia mwenye chache. Mwingine ni wa kifaa: Access na Publisher zipo kwa Windows tu, kwa hiyo aliye na Mac au simu hazipati hata akilipa miaka kumi.

Jibu la «ndiyo» lisibebwe kwenda kwenye programu nyingine, kwa sababu kila kampuni inakata mahali pake. Vijana wa Lubumbashi wanaotengeneza biti za muziki kwa FL Studio wanalijua hili. Majaribio ya FL Studio hayana mwisho wa siku na yanatoa ala zote, unaweza kuhifadhi mradi na kutoa wimbo katika WAV au MP3. Ila mradi uliouhifadhi haufunguki tena hadi ununue. Ukifunga programu usiku bila kutoa sauti, asubuhi unabaki na faili isiyokusikiliza. Ableton Live inafanya kinyume: inakupa siku 30 za kila kitu katika toleo la Suite, kisha inafunga kuhifadhi na kutoa. Kabla ya kuanza kazi halisi katika majaribio yoyote, fanya jaribio la dakika tano: hifadhi faili ndogo, funga programu, ifungue tena, itoe katika umbo ambalo programu nyingine inasoma. Hapo utajua kampuni yako imekata wapi.

Turudi studio. Mama alipewa vitu viwili ndani ya jina moja: programu na ghala. Programu ni Word na wenzake. Ghala ni OneDrive. Siku ya mwisho ya majaribio vyote viwili vinaondoka, lakini kila kimoja kinaondoka kwa namna yake, na asiyetenganisha hivyo viwili atahangaika na tatizo lisilo lake. Studio ilidhani ni virusi, kisha ikadhani ni mtandao.

Word kukataa kuandika ni jambo la leseni. Abonema ikiisha, programu za kompyuta zinabaki kusoma na kuchapisha tu. Faili yenyewe haijaguswa: ni .docx ileile, iko palepale, na programu nyingine yoyote inayosoma .docx inaifungua. Kijana aliweka LibreOffice, ambayo ni ya bure na haihitaji intaneti ikishawekwa, na barua za bei zikaendelea siku hiyohiyo. Mistari miwili mitatu ya jedwali ilisogea kidogo. Hayo ni ya kawaida. Kwenye simu Word pia inaruhusu kuhariri bila kulipa, mradi kioo kisizidi inchi 10.1.

Mambo matatu mengine hayahusiani na leseni hata kidogo. Yote yanatoka ghalani. Dalili ilikuwa mbele ya macho yao: Word ilikuwa imefungwa kwa wote wawili, mama na kijana, lakini barua pepe ya kijana, nayo ya outlook.com, ilikuwa ikipokea bila shida. Tofauti yao ni kwamba akaunti ya kijana ilikuwa na giga 3 tu, na ya mama giga 46.

Majaribio yalipoisha, kila mmoja alirudi kwenye giga 5 za bure. Kijana alibaki chini ya kikomo, kwa hiyo ghala lake halikubadilika. Mama alikuwa amekipita mara tisa. Microsoft haifuti kitu siku hiyo. Inafunga mlango wa kuingizia: unaweza kuona, kupakua na kufuta, lakini huwezi kupandisha wala kusawazisha faili mpya, wala kuhariri iliyopo. Ndiyo maana Excel ya kivinjari ilikataa. Programu ile ni ya bure, lakini ikimaliza kuhariri inapaswa kuandika faili ndani ya ghala lililofungwa.

Barua pepe inawashangaza wengi zaidi, na inaumiza zaidi, kwa sababu biashara inapoteza wateja bila kusikia sauti. Tangu mwanzoni mwa 2023, Microsoft inahesabu OneDrive na viambatisho vya Outlook.com katika kikomo kimoja cha wingu. Kikomo kikipitwa, anwani ya outlook.com au hotmail.com haitumi wala haipokei. Anayekuandikia anarudishiwa ujumbe. Wewe huoni chochote. Kama mama angetumia anwani ya Gmail kufungua akaunti yake ya Microsoft, barua zake zisingeguswa, maana zinakaa kwa kampuni nyingine.

Kuna saa nyingine inayotembea kimyakimya. Akaunti iliyobaki juu ya kikomo kwa zaidi ya miezi 6 inaweza kufutiwa OneDrive yote pamoja na faili zake. Kwa studio hii, iliyozidi tarehe 2 Julai, hesabu inafika mwanzoni mwa Januari. Miezi 6 inaonekana mingi, lakini ni picha za harusi, na watu wa harusi hurudi kuomba albamu baada ya mwaka.

Giga 46 zilifikaje huko? Mama mwenyewe alisema hajawahi kupandisha picha nyingi hivyo. Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza: wakati wa kuweka OneDrive walikubali kuhifadhi nakala za folda za Bureau, Documents na Images. Kitufe kile hakitengenezi nakala ya pembeni kama jina lake linavyofanya watu wafikiri. Kinahamisha folda zenyewe ndani ya folda ya OneDrive, na kuanzia hapo kila kitu kinachowekwa mezani kinapanda. Picha za JPEG za kamera yao zilikuwa na wastani wa megabaiti 8. Picha 5200 zinafika giga 41 na nusu, na zilizobaki zilikuwa kadi za mwaliko, video fupi na karatasi za ofisi. Sababu ya pili: kijana alikuwa akipandisha picha zake katika folda ambayo mama alimshirikisha. Folda ya kushirikiwa inahesabiwa kwa mwenye folda peke yake. Kijana akafanya kazi mwezi mzima, na uzito wote ukaenda kwa mama.

Sasa tufike kwenye hatari yenyewe, ile ambayo «usiguse kitu» iliizuia.

Kompyuta ya studio ina SSD ya giga 128. Katikati ya Juni ilijaa, na kijana akafanya kile ambacho Windows inapendekeza: alibonyeza folda za zamani kwa kitufe cha kulia na kuchagua «Libérer de l'espace». Nafasi ikapatikana, folda zikabaki zinaonekana kwa majina na picha ndogo, na kila mtu akaridhika. Lakini faili zile zilikuwa zimeondoka kwenye diski. Kilichobaki ni kivuli, na picha halisi iko wingu tu. Alama zake ni hizi: wingu la buluu maana yake faili iko mtandaoni peke yake, duara jeupe lenye tiki ya kijani maana yake imeshashuka lakini inaweza kuondolewa tena, duara la kijani lililojaa lenye tiki nyeupe maana yake imeamriwa kubaki kwenye kompyuta.

Kama hauamini alama, tumia kipimo kisichodanganya. Bonyeza folda kwa kulia, fungua «Propriétés», kisha linganisha mistari miwili: «Taille» na «Taille sur le disque». Folda za studio zilionyesha jumla ya giga 46 kwenye mstari wa kwanza, na giga 11 tu kwenye wa pili. Giga 35 za kazi ya watu hazikuwa mahali popote duniani isipokuwa katika akaunti iliyokuwa imezidi kikomo.

Na OneDrive ni kioo. Unachofuta kwenye simu kinafutwa kwenye kompyuta, unachofuta kwenye kompyuta kinafutwa mtandaoni. Kijana angefuta picha za mwaka jana kwa simu ili nafasi ipatikane, angekuwa anafuta nakala pekee. Zingekaa katika Corbeille ya OneDrive kwa siku 30, kisha basi. Watu wengi wanaosema majaribio yamefuta kazi yao wamefuta wenyewe, wakikimbiza giga 5, wakiamini kwamba nakala nyingine iko kwenye kompyuta kwa sababu jina lake linaonekana pale.

Kwa hiyo mpangilio ni mmoja tu na haupinduliwi: shusha, nakili nje ya folda ya OneDrive, hakiki, ndipo ufute.

Kushusha giga 35 Lubumbashi ni kazi ya hesabu. Kwa mtandao wa megabiti 3 kwa sekunde, ni kama saa 26 mfululizo bila kukatika. Wao hawana saa 26 mfululizo, wana umeme unaokwenda na kurudi, na forfe ya mega inayoisha. Njia ya kwanza waliyofikiria, kuchagua folda zote kwenye kivinjari na kupakua, ndiyo mbaya zaidi hapa. Kivinjari kinafunga folda nzima katika zip moja kubwa. Delestaji ikipita saa ya tisa, zip iliyokatika haifai na mara nyingi unaanza upya. Programu ya OneDrive ya kompyuta inashusha faili moja moja. Umeme ukikatika, zilizofika zimefika, na ukirudi inaendelea kutoka ilipoachia.

Walipoamuru folda ya kwanza kushuka, hakuna kilichotokea kwa nusu saa. Sababu ilikuwa intaneti ya simu. Windows inaweza kuweka alama ya «Connexion limitée» kwenye mtandao unaotoka kwenye simu, na OneDrive ikiona alama hiyo inasimamisha kazi yenyewe ili isimalize mega zako. Ni ulinzi mzuri siku nyingine zote. Siku ya kuokoa data, ingia kwenye mipangilio ya mtandao huo wa Wi-Fi na uzime «Connexion limitée», au bonyeza wingu la OneDrive karibu na saa na uamuru usawazishaji uendelee. Wao walihamia kwenye mtandao wa jirani mwenye laini ya mwezi, wakalipana, na wakashusha usiku.

Kikwazo cha pili: diski ilikuwa na giga 19 huru, na mzigo ni giga 35. Haziingii kwa mara moja. Walikwenda kwa mafungu ya giga 10 hivi. Fungu moja ni folda za mwezi mmoja: bonyeza kulia, chagua «Toujours conserver sur cet appareil», subiri duara zote zijae kijani. Kisha nakili folda hiyo kwenda diski ya nje, hakiki, halafu kwenye folda ya OneDrive chagua tena «Libérer de l'espace» ili fungu lijalo lipate mahali. Neno ni nakili, si hamisha. Ukivuta folda kutoka ndani ya OneDrive na kuihamisha, OneDrive inaona umeifuta na inaifuta mtandaoni. Kama kopi ilikatika njiani, umebaki na nusu.

Folda ikiwa na matawi mengi, kubonyeza moja moja kunachosha. Amri hii, ikiandikwa katika dirisha la cmd, inaamuru kila faili iliyo ndani ya folda ishuke na ibaki:

```
cd "%USERPROFILE%\OneDrive\Harusi-Mei"
attrib -U +P /S /D
```

Ukitaka kinyume chake, yaani faili zibaki mtandaoni tu, ni `attrib +U -P /S /D`. Angalia vizuri alama za kujumlisha na kutoa kabla ya kubonyeza, kwa sababu tofauti ya herufi mbili hapa ni kati ya kuwa na faili na kutokuwa nayo.

Kuhakiki nako si kutazama majina. Kwenye diski ya nje, fungua «Propriétés» ya folda na ulinganishe idadi ya faili na ukubwa na ile ya asili. Kisha fungua picha kadhaa za mwanzo, za katikati na za mwisho kabisa, na zikuze. Faili iliyokatika huonyesha nusu ya picha na rangi ya kijivu chini. Fungua hizo baada ya kuzima Wi-Fi. Picha inayofunguka bila mtandao kutoka diski ya nje ni picha uliyo nayo kweli. Studio ilimaliza usiku wa nne, na siku ya tano wakanakili diski ile kwenye diski nyingine inayokaa nyumbani kwa mama. Diski moja ikianguka, hakuna OneDrive ya kukimbilia tena.

Hapo ndipo walipofuta. Walifuta kupitia tovuti ya OneDrive, folda baada ya folda, wakaacha vitu vidogo tu: barua za bei, orodha ya malipo, mikataba. Jumla ikashuka hadi chini ya giga 2. Wakaenda Corbeille na kuimwaga pia, jambo ambalo wengi husahau wakashangaa hesabu haishuki. Barua pepe haikufunguka papo hapo, lakini ilifunguka. Zilizokuwa zimerudi hazikuja: kila mteja aliyerudishiwa ujumbe ilibidi aombwe atume tena. Mama aliandika ujumbe mmoja wa WhatsApp na kuwapelekea wateja wote wa Juni na Julai. Sioni njia nyingine ya kujua nani aliandika katika siku zile.

Njia ya haraka ilikuwepo, na tuitaje kwa haki. Microsoft inauza abonema ndogo iitwayo Microsoft 365 Basic, yenye giga 100, ambayo Marekani bei yake ni karibu dola 2 kwa mwezi. Giga 46 zinaingia katika 100, kwa hiyo kulipa mwezi mmoja kungefungua ghala na barua pepe, na kuwapa utulivu wa kushusha bila haraka. Haileti Word ya kompyuta. Kikubwa chake ni ghala. Kwa studio ambayo inapoteza oda kila siku barua zinaporudi, dola 2 za mwezi mmoja zingekuwa nafuu kuliko siku tano za kimya. Kama kazi ya kudumu, hata hivyo, studio ya picha inajaza giga 100 kwa msimu mmoja wa harusi. Diski mbili za nje ni bora kwao, na wingu libaki kwa karatasi.

Kuna aina mbili za kazi ambazo hazikutatuliwa kwa kunakili peke yake.

Kadi za mwaliko mama alizitengeneza katika Publisher, na faili ya .pub si kama .docx. Publisher ikibaki katika hali ya kusoma inafungua na kuchapisha, kwa hiyo kila kadi ilichapishwa kwenda «Microsoft Print to PDF», na PDF hiyo inachapika popote mjini. Lakini PDF haibadilishwi majina ya maharusi kwa urahisi. LibreOffice Draw inafungua .pub, maandishi yanatoka, mpangilio unayumba; kadi tatu kati ya kumi zilihitaji kupangwa upya. Na hata mtu anayelipa asijenge tena juu ya Publisher: Microsoft imetangaza kwamba inaikomesha Oktoba 2026, na baada ya hapo wenye abonema hawataweza kufungua faili hizo ndani yake. Kiolezo cha kadi kiundwe mahali pengine tangu sasa.

Kingine ni Coffre-fort, sehemu ya OneDrive inayofungwa kwa uthibitisho wa ziada. Mwenye abonema anaweka faili kadiri ya nafasi yake. Wa bure ana faili 3. Mama alikuwa na 14, skani za vitambulisho na mikataba. Majaribio yalipoisha hazikupotea, zilifunguka zote, ila hakuweza kuongeza nyingine hadi apunguze chini ya kikomo. Alizitoa, akaacha zile mbili ambazo hakutaka zikae kwenye diski ya kawaida.

Anayeanza mwezi wake wa bure leo anaweza kuepuka karibu haya yote kwa mambo machache ya siku ya kwanza. Kataa kuhifadhi folda za Bureau, Documents na Images wakati wa kuweka OneDrive. Zima «Facturation périodique» siku hiyohiyo, na uandike tarehe ya mwisho ukutani, pamoja na tarehe nyingine ya siku kumi kabla yake. Tarehe hiyo ya siku kumi kabla ndiyo ya kazi: angalia ukubwa wa OneDrive, na ukizidi giga 5 anza kushusha wakati mlango bado uko wazi pande zote mbili. Siku kumi zinatosha kwa giga 35 hata kwa usiku wa umeme mbovu. Kama msaidizi anapandisha kazi, apandishe katika akaunti yake na kukushirikisha wewe, si kinyume chake.

Na kama barua pepe ya biashara ni ya outlook.com, usiifanye iwe akaunti ileile unayojaribia ghala. Fungua akaunti nyingine kwa majaribio. Ghala likijaa, lijae peke yake, na mteja aendelee kukufikia.